Jinsi ya Kupitisha Kanuni za Kisima Zisijulikane na Mtu

Umechaguliwa katibu wa kamati ya kisima Bangale? Hongera. Wazee wamekubaliana kuhusu zamu na ada mpya za kunywesha mifugo kiangazi, na wewe ndiwe mwenye kalamu. Fuata hatua hizi.

Kwanza, andika: "Wanachama walijadili suala la maji." Usitaje aliyependekeza, aliyeunga mkono wala kura. Usihesabu vichwa pia. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya baraza la jamii wawepo ndipo liamue jambo, lakini wewe hesabu viti.

Pili, usitie namba ya toleo. Karatasi ya zamani iache mlangoni pa chumba cha injini, mpya ibandike kando yake. Mwenye ngamia atasoma yenye ada nafuu, mkusanya ada atasoma yenye ada ghali, na zote mbili zina mhuri.

Tatu, tarehe ya kuanza iwe "kuanzia sasa". Mfugaji aliyeko malishoni atafika kisimani akiwa ameshavunja kanuni asiyoijua.

Nne, kanuni zipitiwe upya "itakapohitajika". Mvua zitanyesha, mabwawa yatajaa, na ada ya kiangazi itaendelea kutozwa.

Tano, wajulishe "wahusika wote". Kila mtu atadhani mwenzake ameambiwa.

Katibu asiyependa vurugu, maskini, angehangaika kuandika hivi:

"Mkutano wa 4 Julai 2026 umepitisha Kanuni za Kunywesha Mifugo, Toleo la 2, zinazofuta Toleo la 1. Zitaanza kutumika 1 Agosti 2026. Zitapitiwa upya 15 Januari 2027, baada ya mvua za vuli. Aliyependekeza, aliyeunga mkono na kura zimeandikwa hapa chini. Kufikia 10 Julai, mwendesha injini na mkusanya ada watapewa nakala na kutia saini. Chifu na ofisi ya maji ya kaunti wataandikiwa barua. Wafugaji watatangaziwa siku ya soko na baada ya sala ya Ijumaa, kwa Kiorma na Kisomali, hadi mwisho wa Julai. Katibu ndiye atakayehakikisha."

Kisha angeng'oa Toleo la 1 mlangoni, aliandike "limefutwa kuanzia 1 Agosti 2026" na kulihifadhi kwenye faili, kwa sababu ugomvi wa Juni huamuliwa kwa kanuni za Juni. Angeongeza pia kwamba Toleo la 2 litaendelea kutumika hadi azimio jingine lilifute, ili 15 Januari ikipita bila mkutano, mjanja asidai kisima hakina kanuni.

Kazi yote hiyo ni ya nusu ukurasa na wiki chache za kutangaza. Ukiona ni mzigo, rudi hatua ya kwanza, ila siku ya kunywesha usikae karibu na birika.