Geti Jekundu, Mbwa Hang'ati

Nauza mchele Tandika, na siku hizi wateja wangu wengi hata hawajui duka lenyewe liko wapi. Wananijua kwa kundi la WhatsApp tu. Asubuhi napiga picha gunia la Kyela lililofunguliwa, naandika bei, oda zinaanza kumiminika. Kinachoniumiza kichwa ni namna zinavyomiminika.

Mjini hapa wanaokumbuka namba ya nyumba yao ni wachache, kwa hiyo anayetaka kuletewa mzigo anaelekeza kwa maneno. Na Mswahili akianza kuelekeza hana breki. "Kaka, kilo 10 za Kyela. Shuka kituo cha msikiti, ingia uchochoro wa fundi viatu, geti jekundu. Kuna mbwa ila hang'ati. Wahi kabla ya saa kumi, baada ya hapo nyumba haina mtu mpaka usiku."

Yote hayo mbele ya watu zaidi ya 300, ambao wengine sijawahi kuwauzia hata punje! Namba yake ya simu wala hakuhitaji kuiandika, kundi linaionyesha lenyewe. Na namba ya simu kwetu ina mdomo: anza kuitumia pesa, hujathibitisha bado, jina la mwenyewe limeshajitokeza.

Basi mama wa geti jekundu akapigiwa simu na kijana mpole ajabu. "Shikamoo mama, natoka dukani na kilo zako 10 za Kyela, niko hapa kwa fundi viatu. Pikipiki imekata mafuta, nirushie elfu tano kwenye namba hii, tutakata kwenye hesabu." Ile "tuma kwenye namba hii" ya zamani, iliyorushwa kwa nchi nzima, hata bibi yangu anaicheka. Hii ilishonwa kwa vipimo vyake. Mama akatuma, kisha akanipigia mimi kuuliza mbona nachelewa. Mchele ulikuwa bado kwenye gunia.

Siku ile ile nikafunga kundi, aandike admini peke yake. Wakanuna, wakaniita dikteta. Lakini kufunga midomo hakufungi macho: orodha ya wanakundi ilibaki pale pale na namba zao zote. Kiungo cha kujiungia nacho walikuwa wamekisambaza hadi kwenye makundi ya michango ya harusi. Kukibatilisha ni kubonyeza tu, ila aliyekwisha kuingia ameingia.

Kilichonitoa ni Jumuiya, humo humo WhatsApp, kwenye kikundi chake cha matangazo. Mteja anasoma bei zangu, lakini namba za wateja wenzake hazioni, isipokuwa za watu aliokwisha kuwahifadhi kwenye simu. Sharti ni usiwaingize kwenye kikundi kingine ndani ya Jumuiya hiyo, maana huko namba zinaanikwa upya. Chini ya kila tangazo naweka kiungo hiki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Oda
```

Namba inaanza na 255, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Mteja akibonyeza anatua kwangu peke yangu, na huko aelekeze mpaka rangi ya mapazia akitaka. Kundi la zamani nimewatoa wote, ingawa waliyoyaandika yamebaki kwenye simu za watu na sina dawa nayo.

Sasa njoo kwa vijana wa boda, waliozoea kurushiwa ujumbe wa mteja mzima mzima, na habari za mbwa juu. Siku hizi kila oda ina namba yake. Mfuko nauandika "14" kwa maka peni, basi, hakuna jina wala simu. Boda anapewa njia tu. Akifika getini ananipigia mimi, nami nampigia mteja. Vocha inaniuma, nasema kweli, lakini boda akishapiga mwenyewe, namba ya mteja inakaa kwenye simu yake hata nikifuta ujumbe wangu kwa wote. Mteja naye nimemwambia: anayejiita wa dukani aulizwe namba ya oda, na akiomba pesa njiani, hata akiitaja, huyo si wangu. Mimi nalipwa mzigo ukishapokelewa.

Jirani yangu wa duka la vyombo anasema najipa umuhimu, eti hayo ni mambo ya benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiulizi kama duka lako lina kiyoyozi. Mtu alikupa namba umletee mchele, itumie kumletea mchele. Yeye wateja wake wamo kwenye kundi la "Vyombo Bei Chee" ambalo hawakuomba kuingizwa, nami nimo, nawaona wote.

Nilidhani nimemaliza. Juzi mteja mmoja, kwa hasira kwamba kundi limefungwa, oda yake kaiweka kwenye status: kilo 15, namba ya mume wake, na picha ya nyumba imezungushiwa duara jekundu ili nisipotee.