Vitumbua Vimemeza Chapati

Jamani, homuweki ya mtoto msinipe tena. Binti yangu yuko darasa la sita. Kaambiwa ahesabu vitafunwa vya asubuhi, achore grafu duara. Tukajibanza kwa mama ntilie, tukahesabu wateja 48, kila mmoja na kitafunwa chake: chapati 21, maandazi 14, vitumbua 8, mihogo 5. Mmoja wa mihogo ni mimi. Hali mnaijua.

Bikari nilishaivunja nikizibua jiko la mchina. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikazungusha penseli. Duara safi! Mtoto akauliza, "Baba, kitovu kiko wapi?" Nikajishika tumbo. Kumbe duara la kifuniko halina kitovu. Mama yake, anachambua mchele, hata kichwa hakuinua: "Likateni, mlikunje nusu mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati." Nikanyamaza.

Haya, hesabu. Mimi nilijua chapati 21 ni digrii 21. Mtoto akahema kama mtu mzima. Duara zima ni digrii 360, gawanya kwa 48, kila mteja anapata 7.5. Kwa hiyo chapati 157.5, maandazi 105, vitumbua 60, mihogo 37.5. Sasa hiyo nusu digrii kwenye protrakta ya plastiki nitaionea wapi? Nikasema zipandishwe. 158, na mihogo 38. Jumla 361! Digrii moja nimeizaa mwenyewe, haina pa kulala.

Chapati nikaipatia. Maandazi nikayapatia, maana mtoto alinishika mkono: sifuri ya protrakta ikae juu ya mstari uliochorwa mwisho, siyo kurudi kule ulikoanzia. Akaenda kunywa maji. Nikabaki peke yangu na vitumbua.

Ile protrakta ina safu mbili za namba, ndugu yangu. Moja inaanzia kulia, nyingine kushoto. Penye 60 ya huku, ya kule inasoma 120. Nikachagua kwa imani. Vitumbua vinane vikatoka vipana kuliko maandazi 14, vikaingia ndani ya chapati digrii 23. Mihogo yangu ikakosa hata kiwanja.

Mtoto akarudi, akaweka kona ya daftari juu ya kitovu. "Baba, kona hii ni 90. Sitini yako mbona imeipita?"

Nikafuta. Karatasi ikatoboka. Kifuniko tena, mkasi tena, kukunja tena. Safari hii mihogo hatukuikadiria, tukaiachia kilichobaki, kisha tukapima: 37. Mtoto akasema hiyo ni ile nusu yake tuliyoipa chapati, inavumilika. Ingebaki 50, basi kuna mstari nimeuharibu huko nyuma. Alisema ume-, siyo tume-.

Tukabandika kwenye daftari kwa ugali. Jana limerudi lina tiki. Chini mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: karatasi inanuka vitunguu.