Sufuria Moja, Mioto Mitatu

Mama mkwe alipofika Kirumba, alikuta nimetangaza vita na makala. Mfuko ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi, nami, baba wa nyumba nisiyejua kuchemsha hata chai, nikaamua kupima mwenyewe: kilo moja ya maharagi makavu kila siku, sufuria ileile, moto tofauti.

Jumatatu ilikuwa ya makala. Kilo moja na robo kwenye mbabula, saa tatu, maharagi yakaiva bila moshi. Franka 1 000.

Jumanne nikaleta briketi, franka 400 kwa kilo, nusu ya bei ya makala. Nilijisifu mapema. Kilo mbili ziliungua zote, maharagi yakabaki magumu, na kwenye mbabula yakabaki mabonge mekundu yenye umbo lilelile. Mama mkwe alivunja moja. "Baba, umenunua tofali." Vumbi la makala huhitaji kitu cha kulishika, na uji wa unga wa muhogo unatosha, lakini muuzaji wetu alizidisha udongo, ambao hauungui, huongeza uzito na kuziba hewa. Makala makavu hutoa karibu megajuli 29 kwa kilo, kuni kavu karibu 16, lakini briketi hutoa kulingana na kilichomo. Kabla ya kununua nyingi, choma moja hadi iishe: ikiacha majivu mengi, mwachie mwenyewe.

Tuliongeza nusu kilo ya makala. Jumla, franka 1 200. Na mvua ilipoanza, nikaingiza mbabula ndani na kufunga mlango, kwa kuwa hapakuwa na moshi. Baada ya muda mama mkwe akashika kichwa, mke wangu akayumba. Tulitoka mbio kwenye mvua. Hewa ya sumu ya makala haina rangi wala harufu. Moshi wa kuni angalau hukufukuza.

Jumatano ulitufukuza kweli. Kuni za mukaratusi zilikuwa mbichi, maji yakitoa povu kwenye ncha: moto ulikuwa ukikausha kuni badala ya kupika. Alhamisi tukatumia zilizokauka, zilizopasuliwa nyembamba, kwenye mafiga matatu. Kilo tatu na nusu, franka 700. Nikatangaza mshindi, ingawa sufuria ilikuwa nyeusi na mke wangu alishinda akisukuma kuni macho yakimtoka machozi.

Ijumaa mama mkwe hakuniuliza. Maharagi aliyaloweka tangu jioni, akayafunika kwa kifuniko, akawasha makala robo tatu ya kilo, nje, kibarazani. Yakaiva. Franka 600.

"Wewe baba," akasema akipakua, "wiki nzima umepima moto. Hukuuliza maharagi."