Jua Huzunguka Mara Ngapi? Mwongozo kwa Wasiopenda Jedwali

Ukitaka kukosea kasi za giaboksi ya sayari bila kupoteza muda, fanya hivi: hesabu meno ya gia mbili, gawanya kubwa kwa ndogo, zidisha kwa kasi unayoijua, kisha tangaza jibu kwa sauti ya mtu asiyetaka maswali. Kwa gia ambazo ekseli zake zimefungwa mahali pamoja, na kasi unayoijua ikiwa ya gia kubwa, utakuwa umepatia. Kwa giaboksi ambayo baadhi ya ekseli zenyewe zinatembea kuzunguka gia nyingine, utakuwa umekosea, na kosa lako litakuwa na ukubwa unaoweza kutabirika kabisa.

Mfano wetu ni Toyota Prius ya vizazi viwili vya kwanza, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2009. Gari hili la haibridi halina giaboksi ya kubadilisha gia moja hadi tano. Lina seti moja tu ya gia za sayari inayounganisha injini, mota-jenereta mbili na magurudumu. Katikati kuna gia ya jua yenye meno 30, iliyofungwa kwenye mota-jenereta iitwayo MG1. Nje kuna pete yenye meno 78 upande wa ndani. Hiyo imeungwa na MG2, na kutoka hapo mwendo unakwenda magurudumuni. Kati ya jua na pete zimekaa sayari nne, kila moja ina meno 23, na pini zake zimeshikwa na kipande kimoja tutakachokiita mkono. Mkono huo ndio unaozungushwa na injini.

Sasa gari limeegeshwa, limewekwa kwenye P, na injini inanguruma kuchaji betri. Tuseme inazunguka mara 1000 kwa dakika. Magurudumu yamesimama, kwa hiyo pete nayo imesimama. MG1 inazunguka mara ngapi?

Mpenda njia ya mkato anagawanya 78 kwa 30, anapata 2.6, anatangaza 2600. Jibu sahihi ni 3600. Pengo ni mizunguko 1000, sawasawa na kasi ya mkono. Angeanza na injini kwa mizunguko 1300, angepungukiwa na 1300. Alichosahau ni kwamba uwiano wa meno hupimwa ukiwa umekaa juu ya mkono, unazunguka nao. Yeye kasimama chini, karibu na gari, na kutoka hapo kuna mzunguko mzima wa mkono ambao haumo katika hesabu yake.

Jedwali ndilo linalomlazimisha mtu asiusahau. Linatenganisha mambo mawili ambayo kichwa hupenda kuyachanganya: gia zinavyosukumana, na kitu kizima kinavyozunguka. Kwanza unaushika mkono usitembee, unalizungusha jua mara moja, unaandika kila gia imefanya nini. Hapo kanuni ya meno inatawala bila mpinzani. Jua likizunguka +1, sayari inazunguka kinyume kwa 30/23, na pete inaifuata sayari kwa mwelekeo uleule, kwa kuwa meno yake yako ndani. Kisha unazidisha mstari huo kwa namba usiyoijua, x. Mwisho unaifikiria seti nzima imegandishwa kama jiwe moja na kuzungushwa mara y. Kila kipande kinapata y ileile, mkono ukiwemo. Unajumlisha.

| Hatua | Mkono | Jua (30) | Sayari (23) | Pete (78) |
|---|---|---|---|---|
| Mkono umeshikwa, jua +1 | 0 | +1 | −30/23 | −30/78 |
| Zidisha kwa x | 0 | x | −30x/23 | −30x/78 |
| Ongeza y kote | y | y | y | y |
| Jumla | y | x + y | y − 30x/23 | y − 30x/78 |

Mstari wa mwisho ndio mali yako. Ukijua kasi mbili zozote, unapata x na y, na zilizobaki zinajitokeza. Kwa gari lililoegeshwa, mkono ni 1000, kwa hiyo y = 1000. Pete ni sifuri, kwa hiyo 1000 − 30x/78 = 0, na x = 2600. Jua ni x + y, yaani 3600. Tazama jibu la mpenda njia ya mkato lilivyojificha humo ndani: 2600 yake ndiyo x yetu. Alifika nusu ya njia akadhani amefika.

Asiyeamini jedwali achukue sarafu mbili za aina moja, kwa mfano za shilingi mia mbili, aziweke mezani zikigusana, moja juu ya nyingine kama ukurasa unavyotazamwa, kichwa cha ile ya juu kikiwa wima. Ya chini aibane kwa kidole. Ya juu aiviringishe kuizunguka ile ya chini bila kuteleza. Ikifika chini kabisa, nusu tu ya safari, kichwa kimeshasimama wima tena: imezunguka mara moja nzima. Ikirudi ilikoanzia imezunguka mara mbili, ingawa mzingo wa sarafu zote ni mmoja. Jedwali linasema hivyohivyo. Jua limeshikwa, kwa hiyo x + y = 0; mkono umezunguka mara moja, kwa hiyo y = 1 na x = −1; meno ni sawa, kwa hiyo sayari ni y − x, yaani 2.

Alama ya kutoa nayo ina watu wake. Wengine huiona kama uchafu wa kalamu, wakaifuta ili ukurasa upendeze. Ukiifuta kwenye safu ya pete, gari lililoegeshwa litakupa x = −2600 na jua litazunguka −1600, yaani kinyumenyume. Kuna kipimo chepesi cha kulinasa kosa hili. Uliza: je, kasi ya jua inapanda au inashuka nikiipunguza kasi ya pete huku injini haibadiliki? Katika Prius lazima ipande, kwa sababu ukiizuia pete, mwendo wa injini hauna pa kupitia ila kwenye jua. Jedwali lenye alama sahihi, likifupishwa, linasema:

```
jua = 3.6 × mkono − 2.6 × pete
```

Weka 1000 kwenye mkono na kwenye pete upate 1000. Hiki ndicho kipimo cha pili, na hakimsamehei mtu: gia zote zikizunguka pamoja, hesabu irudishe namba ileile. Fomula yoyote ya seti ya sayari isiyopita hapo ni ya kutupa, hata ikiwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Sasa msomaji makini atakuwa ameshanisubiri kwenye meno ya sayari. Kwa jiometri ya kawaida, sayari inapaswa kujaza nafasi kati ya jua na pete: 78 toa 30, gawanya kwa mbili, 24. Prius ina 23. Mtengenezaji ameyasogeza maumbo ya meno kidogo ili gia zikae sawa kwa umbali ule, jambo la kawaida katika uchongaji wa gia. Kwa hiyo usimsahihishe aliyehesabu meno kwa mkono wake kwa kumtolea kanuni ya darasani. Na ukiingiza 24 kwenye jedwali, jua na pete hazitabadilika hata kidogo: sayari iko katikati, meno yake huzidishwa upande mmoja na kugawanywa upande wa pili, yanajifuta. Kitakachoharibika ni safu ya sayari peke yake.

Na safu hiyo ndiyo watu huiruka, wakati beringi hufia hapo. Gari sasa linatembea: injini mizunguko 2000, pete 1500. y = 2000. Kutoka kwenye pete, 2000 − 30x/78 = 1500, kwa hiyo x = 1300. Jua linapata 3300. Sayari inapata 2000 toa 1300 × 30/23, kama 304. Mtu akiona 304 hudhani sayari zinajinyoosha tu, hazina kazi. Lakini beringi ya sayari haijui chochote kuhusu barabara. Inajua pini iliyomo ndani yake, na pini hiyo inabebwa na mkono kwa 2000. Kasi inayoisikia ni tofauti ya hizo mbili: 304 toa 2000, yaani karibu −1696. Unaipata bila jasho kwenye mstari wa pili wa jedwali, kabla ya kuongeza y. Anayechagua beringi au mafuta kwa kutazama mstari wa jumla anapima kasi isiyokuwepo pale chuma kinaposuguana.

Mstari huohuo wa jumla unaeleza tabia ya Prius inayowashangaza madereva: injini huanza kuzunguka kwenye kasi kubwa hata pale umeme ungetosha. Injini ikisimama na pete ikifika 2500, jua linazunguka −6500, kinyume na kwa kasi kubwa. Kasi ya gari ikizidi, MG1 inakaribia mpaka wake. Izungushe injini kwa 1000 tu, jua linashuka hadi 3600 − 6500, yaani −2900. Kila mzunguko mmoja wa injini unalipunguzia jua mizunguko 3.6.

Mwenye kompyuta ya kupimia magari anaweza kulijaribu jedwali garini. Asome kasi ya injini, ya MG1 na ya MG2 kwa wakati mmoja, gari likienda mwendo usiobadilika. Anapokanyaga mafuta, namba husomwa kwa kupishana kidogo na hazitalingana. Mara 3.6 ya injini, toa mara 2.6 ya MG2, ilingane na MG1. Seti hii haina klachi ya kuteleza, kwa hiyo zikiachana kwa kiasi kikubwa wakati mwendo ni tulivu, shaka ipelekwe kwanza kwenye kihisi au usomaji wake.

Kwenye Prius ya kizazi cha tatu hesabu hiyo itagoma, na gari litakuwa zima. Humo MG2 haikai tena moja kwa moja kwenye pete. Imewekewa seti yake ya sayari, jua meno 22 na pete meno 58, na mkono wake umefungwa kwenye mwili wa giaboksi. Chora jedwali lile, weka y = 0, na pete inatoka −22/58 ya MG2: MG2 inazunguka takriban mara 2.64 ya pete, kwa mwelekeo wa kinyume. Igeuze kwanza kasi ya MG2 kuwa kasi ya pete, ndipo uipeleke kwenye 3.6 na 2.6.