Shangazi Mtandika Anajibu: Shuka Lililoleta Kesi

Shangazi shikamoo. Nimenunua seti ya mashuka "ya kifahari, vipande 6, hisia ya pamba, nyuzi 1,500, saizi kingi". Tangu niitandike, mume wangu anaamka amelowa jasho, shuka limemkunjamania miguuni, anadai namroga. Kitanda chetu ni 6 kwa 6, godoro inchi 10. Na duveti silioni! Niende kwa muuzaji au kwa mganga?
— Mchawi wa Kusingiziwa, Tabata

Marahaba mwanangu. Mganga mwache apumzike, mchawi wako ni lebo.

"Hisia ya pamba" ni lugha ya mtu asiyeuza pamba. Chomoa uzi kwenye pindo, uuchome juu ya sahani. Wa pamba utaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa polista utajikunja, uyeyuke, uache kidonge kigumu. Polista hainywi jasho, ndiyo maana Baba analala ndani ya sufuria.

Hizo nyuzi 1,500 nazo ni hesabu ya mitande na mishindio katika inchi moja ya mraba. Shuka zuri la pamba huwa na 200 hadi 400. Zaidi sana ya hapo nafasi inakwisha, kwa hiyo mwenye kiwanda hugeukia ujanja: uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili anauhesabu mara mbili, na shuka la 300 linauzwa kama la 600. Kwenye polista laini namba hiyo haikwambii lolote.

Tuje kwenye kingi. Ya Kimarekani ni inchi 76 kwa 80. Godoro lako, kama kweli ni futi 6 kwa 6, ni inchi 72 kwa 72. Shuka la lastiki limezidi inchi 4 kwa upana na 8 kwa urefu, na ziada hiyo ndiyo inayomkaba mumeo miguu. Tazama pia kina cha pembe zake: lililoshonewa godoro la inchi 8 litachomoka kwenye la inchi 10 kabla ya alfajiri.

Kuhusu duveti, hukuibiwa. Hesabu: shuka 1, foronya 4, foronya ya duveti 1. Jumla 6. Umeuziwa mfuko mtupu.

Shangazi, mimi nauza mashuka Kariakoo. Wateja wananirudishia mzigo. Niandikeje?
— Mfanyabiashara Mnyonge

Andika hivi: "Pamba 100%, nyuzi 250. Kitanda 6 kwa 6. Shuka la lastiki 1, inchi 72 kwa 72, kina 12. Shuka la juu 1, inchi 100 kwa 108. Foronya 2, inchi 20 kwa 30. Foronya ya duveti 1. Duveti halimo."

Hayo maneno mawili ya mwisho yaandike kwa herufi kubwa kuliko jina la duka lako.