Kazi Nzuri, Ubarikiwe

Fundi seremala wetu, ukishamlipa tu, anakwambia: "Dada, niandikie chochote kuhusu kazi yangu." Chochote! Basi unaandika "Kazi nzuri, ubarikiwe," maneno yanayomfaa hata muuza maandazi. Kisha analalamika kwamba sifa hizo hazimletei wateja.

Ewe fundi, uliza mambo yanayojibika. Kabla hujaniita, ulikuwa unasumbuliwa na nini? Nini kilikufanya usite? Sasa kipi kimebadilika? Jirani yangu alipoulizwa hivyo, kabati likiwa bado linanukia vanishi, alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Niliogopa utakula advansi kama yule wa kwanza. Umeleta Jumamosi uliyosema, na mlango haukwami." Hayo yaandike, umwombe ruhusa, na tafadhali usimrembeshee.