Jinsi ya Kuikwepa Inkasti Bila Kununua Swichi Mpya

Ndugu yangu, unataka sifa kwenye kikao cha Jumatatu, na bajeti huna. Usihofu, njia za mkato zipo.

1. Uzushe msongamano wewe mwenyewe. Seva moja iombe megabaiti 1 kutoka kwa seva 40 kwa mpigo, kila moja itoe kilobaiti 25. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde humaliza mzigo huo kwa milisekunde 8. Lakini kwa kawaida TCP ya Linux huanza na pakiti 10 kabla ya kupata jibu, takribani kilobaiti 15 kwa kila seva. Kilobaiti 600 zinaivamia swichi pamoja. Kama bafa ya mlango unaoelekea kwa mwombaji ni kilobaiti 256, nyingi zitatupwa. Hiyo ndiyo inkasti.

2. Mkamate mwizi wa muda. Seva ambayo pakiti zake zote zimetupwa haiambiwi na mtu. Mara nyingi huishia kungoja saa yake ya kutuma tena, ambayo kwenye Linux kwa kawaida haishuki chini ya milisekunde 200. Mwombaji naye hasongi mbele mpaka jibu la mwisho lifike. Kazi ya milisekunde 8 inapita 200, na waya umelala. Kwenye seva zinazojibu, andika:

```
nstat -az TcpExtTCPTimeouts
```

Namba ikipanda kila unapotuma ombi, umemkamata.

3. Fupisha saa. Ndani ya kituo cha data, pakiti huenda na kurudi kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kungoja 200 ni anasa. Kwenye seva hizohizo:

```
ip route change 10.0.0.0/24 dev eth0 rto_min 5ms
```

Weka anwani zako, na uishie mtandao wa ndani. Mpokeaji anaweza kuchelewesha uthibitisho kwa milisekunde 40 au zaidi, kwa hiyo pakiti chache zitatumwa mara mbili bure. Zivumilie.

4. Omba kwa mafungu. Hii ndiyo tamu kuliko zote, kwani haihitaji ruhusa ya mtu wa mtandao. Ziite seva 8, zikimaliza ita 8 nyingine. Kilobaiti 200 zinaenea kwenye bafa hata zikifika zote pamoja. Mafungu matano yanakwisha kwa milisekunde 9 hivi.

5. Ukibanwa, tawanya. Kila seva ingoje kidogo, kwa muda wa kubahatisha, kabla ya kujibu. Maombi yaliyokuwa yakikwama yatapona, ila ombi la kawaida litachelewa kidogo.

6. Ukimiliki swichi zote, washa DCTCP. Foleni ikianza kurefuka, swichi hutia alama kwenye pakiti, na watumaji hupunguza kasi kabla bafa haijajaa. Lakini seva zikiwa nyingi mno, hata pakiti zao za kwanza huijaza bafa. Hapo rudi hatua ya 4.

Jumatatu usionyeshe wastani, maana huficha uchungu. Onyesha lile ombi 1 la polepole zaidi katika kila 100, kabla na baada.